Daftari la maazimio la SACCOS: namna ya kulifungua na kulijaza miaka ya nyuma

Mkutano mkuu ukikaribia, simu zangu huwa ni zilezile. Katibu mpya wa SACCOS fulani ananiuliza: "Mzee, hili la mwanachama kukopa mara tatu ya akiba lilipitishwa lini, na bado linatumika?" Mihtasari anayo yote, majalada manne au matano kabatini, na mwanachama amesimama dirishani anasubiri jibu. Asichonacho ni kitu cha kumwambia afungue jalada lipi, ukurasa wa ngapi.

Kitu hicho ni daftari la maazimio. Muhtasari unaeleza kilichotokea siku moja. Daftari linachukua uamuzi mmoja mmoja kutoka kwenye vikao vyote, linaupa namba, linaonyesha ulipo, na linasema kama leo bado una nguvu. Mwongozo huu ni wa vyama vya akiba na mikopo vya Tanzania kwa sababu ndiko nilikokaa miaka mingi. AMCOS au kikundi cha wanawake kinaweza kuufuata kwa kubadilisha majina ya vikao tu.

Andaa haya kwanza

- Mihtasari ya Mkutano Mkuu na ya Bodi iliyosainiwa. Rasimu zisizo na saini ziweke kwenye bahasha ya peke yake, zisichanganyike.
- Masharti ya chama yaliyosajiliwa na Mrajis, pamoja na matoleo ya zamani kama yapo.
- Kompyuta yenye Excel au LibreOffice. Kama chama hakina, kaunta buku nene inatosha. Fungua kurasa pana, chora safu kwa rula, na achia kurasa 20 za mwisho kwa ajili ya orodha ya mada.
- Vikaratasi vya kubandika. Usiandike chochote juu ya muhtasari uliosainiwa, hata kwa penseli. Mkaguzi akikuta alama zako pembeni atauliza nani aliongeza nini.
- Azimio la Bodi linalokuruhusu kufungua daftari na kumtaja mtunzaji wake. Utaliingiza humo humo kama maazimio mengine.

Hatua ya 1: Orodhesha vikao kabla ya maazimio

Karibu kila anayeanza huruka hatua hii, kisha mwezi wa tatu anagundua kuna mwaka mzima haupo. Chukua karatasi ya kwanza ya Excel, iite `VIKAO`, na uandike kila kikao unachokijua: tarehe, aina, muhtasari upo au haupo, umesainiwa au haujasainiwa.

Vikao vilivyopotea vina njia ya kujulikana. Kila kikao cha Bodi huanza kwa kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Ukikuta kikao cha Juni kinathibitisha muhtasari wa tarehe 16 Mei, na wewe huna muhtasari wa Mei, basi kikao kilikuwepo na karatasi yake imepotea. Andika mstari wake, uandike "haupo". Pengo linaloonekana ni afadhali kuliko pengo ambalo hakuna anayelijua.

Hatua ya 2: Amua namba, usizibadilishe tena

Mimi natumia herufi za kikao, mwaka, kikao cha ngapi mwaka huo, na azimio la ngapi ndani ya kikao. `MM-2013-01-03` ni Mkutano Mkuu wa kwanza wa mwaka 2013, azimio la tatu. `BD-2020-05-01` ni Bodi, mwaka 2020, kikao cha tano, azimio la kwanza.

Kuna sababu ya kila kitu hapo. Herufi zinatangulia kwa sababu ukianza na tarakimu, Excel itadhani `2020-05-01` ni tarehe na kuigeuza. Sifuri ya mbele inafanya kikao cha 2 kipangwe kabla ya cha 10. Nimetumia kistari badala ya mkwaju kwa kuwa namba hiyohiyo itakuwa jina la faili la muhtasari uliopigwa skani, na kompyuta haikubali mkwaju kwenye jina la faili.

Namba ikishatolewa haifutwi wala haipewi azimio jingine, hata kama baadaye utagundua lile la kwanza halikuwa azimio. Andika "liliingizwa kwa makosa" na uache mstari ukae.

Hatua ya 3: Chora safu tisa

A. Namba
B. Tarehe ya kikao
C. Chanzo (jalada na ukurasa)
D. Maneno ya azimio
E. Mada
F. Hali
G. Linabadilisha
H. Limebadilishwa na
I. Tarehe ya kukoma

Kwenye safu ya F tumia maneno matano tu: Linasubiri, Linatumika, Limebadilishwa, Limefutwa, Limekwisha. Nimeona madaftari yenye hali kumi na mbili, yakiwemo "linatekelezwa kwa sehemu" na "linafuatiliwa". Baada ya miaka miwili hakuna aliyekumbuka tofauti zake. Ufuatiliaji wa utekelezaji uweke kwenye orodha nyingine inayokwenda kwenye kila kikao cha Bodi.

"Linasubiri" lina kazi maalumu kwenye ushirika. Mkutano Mkuu ukibadilisha kifungu cha masharti, mabadiliko hayaanzi kazi siku ile wanachama walipopiga kura. Yanaanza Mrajis akishayasajili. Ukomo wa madeni nao hupitishwa na Mkutano Mkuu, kisha unahitaji kibali cha Mrajis. Azimio la namna hiyo litabaki "Linasubiri" mpaka barua irudi, na namba ya barua iingie safu ya C.

Hatua ya 4: Tengeneza orodha ya mada kabla ya kuandika mstari wa kwanza

Hapa ndipo daftari hupata uhai au kufa. Muhtasari wa 2009 utasema "faini", wa 2014 "adhabu ya kuchelewesha marejesho", wa 2019 "tozo". Ni kitu kimoja. Ukiandika mada kama kila katibu alivyoiita, mtu anayetafuta "faini" atapata azimio moja na kuondoka akiamini hakuna jingine.

Andika mada kama 20, kwa herufi kubwa, kila moja kwa jina moja: HISA, AKIBA, MIKOPO-UWIANO, MIKOPO-RIBA, MIKOPO-DHARURA, MIKOPO-TOZO, POSHO, WATUMISHI, MALI, UWEKEZAJI, GAWIO na kadhalika. Chini yake weka majina mengine yenye kuelekeza: "Faini, tazama MIKOPO-TOZO." "Sitting, tazama POSHO." Ndiyo, andika hata neno la mtaani, kwa sababu ndilo watu watakalolitafuta.

Mada ifuate jambo lililoamuliwa, isifuate kikao wala mtu. Posho ya Kamati ya Mikopo iko POSHO, haiko MIKOPO. Ukisita baina ya mbili, jiulize mwanachama angeanzia wapi kutafuta.

Hatua ya 5: Soma muhtasari na utoe maazimio

Anza na miaka mitatu ya karibuni, kisha rudi nyuma. Wengi huanza na mwaka chama kilipoanzishwa, wanachoka wakiwa 2006, na daftari linabaki na mambo ambayo hayamsaidii mtu aliyesimama dirishani leo. Kwangu muhtasari wa kurasa nne huchukua kama dakika ishirini. Jiwekee vikao vichache kwa siku, maana ukichoka macho yanaruka mistari.

Tafuta maneno haya: iliamuliwa, mkutano ulipitisha, kikao kiliridhia, wajumbe waliafiki, ilikubaliwa. "Taarifa ilipokelewa" peke yake si azimio. "Mjumbe mmoja alishauri" si azimio hata kama ushauri ulikuwa mzuri na wote walipiga makofi.

Sehemu tatu za muhtasari zinaficha maamuzi, usizipite haraka. Ya kwanza ni Yatokanayo, ambako Bodi hutengua uamuzi wa mwezi uliopita kwa sentensi moja katikati ya aya. Ya pili ni Mengineyo, mahali pa maamuzi ya saa kumi na moja jioni watu wakiwa na begi mkononi. Ya tatu ndiyo wanaoisahau karibu wote: kuthibitisha muhtasari uliopita. Wajumbe wakisema "ukurasa wa 3 isomeke asilimia 1.5 badala ya 15", marekebisho hayo yako kwenye muhtasari wa kikao *kinachofuata*. Kwa hiyo usifunge mstari wa kikao chochote kabla hujafungua kinachofuata.

Nakili maneno ya azimio kama yalivyo. Usiyanyooshe, usiyafupishe, usirekebishe hata Kiswahili chake. Azimio likiwa na mambo mawili ndani, ligawe: `03a` na `03b`, kila moja mstari wake. Faida yake utaiona kwenye mfano.

Maamuzi ya kumpa mkopo mwanachama mmoja mmoja usiyaingize. Hayo yana kitabu chake, na yakiingia humu yatalizamisha daftari lote. Azimio la nidhamu linalomhusu mwanachama liandike kwa namba ya uanachama, si kwa jina, kwa sababu daftari hili litafunguliwa mbele ya watu.

Hatua ya 6: Unganisha azimio jipya na la zamani

Kila unapoingiza azimio, chuja safu ya E kwa mada yake na uulize kama linagusa lolote lililotangulia. Likigusa, jaza pande mbili: jipya lipate namba ya la zamani kwenye G, la zamani lipate namba ya jipya kwenye H na hali yake ibadilike. Ukijaza upande mmoja tu, anayeanzia upande wa pili hatafika.

Angalia pia nani alikuwa na mamlaka. Bodi haiwezi kutengua azimio la Mkutano Mkuu. Ukikuta Bodi imefanya hivyo, usiandike "Limebadilishwa" kwenye lile la Mkutano Mkuu. Ingiza la Bodi kama lilivyo na umpelekee mwenyekiti swali kwa maandishi.

Mfano: uwiano wa mkopo, 2008 hadi 2022

Tuchukue chama kimoja cha mfano na mada ya MIKOPO-UWIANO. Majalada yanatoa haya:

- `MM-2008-01-05`: mwanachama akope hadi mara mbili ya akiba zake.
- `MM-2013-01-03a`: mwanachama akope hadi mara tatu ya akiba zake.
- `MM-2013-01-03b`: anayeomba mkopo awe amekuwa mwanachama kwa miezi sita.
- `BD-2020-05-01`: kwa miezi mitatu, mikopo mipya isizidi mara mbili ya akiba.
- `MM-2021-01-06`: uwiano wa mikopo urudi kama awali.

La 2008 ni rahisi: Limebadilishwa, na kwenye H kuna `MM-2013-01-03a`. La Bodi la 2020 lina tarehe ya kukoma. Kama kikao kilikuwa tarehe 16 Mei 2020, safu ya I iandikwe 2020-08-16, na baada ya siku hiyo hali iwe Limekwisha. Halikubadilisha la 2013. Lilibana kwa muda, na Bodi ikibana kuliko kiwango cha juu kilichowekwa na wanachama haijavuka kiwango hicho.

Sasa hilo la 2021. "Kama awali" ipi? Waliokuwepo ukumbini walielewa kuwa ni kabla ya Bodi kubana, yaani mara tatu. Lakini mtu anayesoma peke yake anaweza kudai "awali" ni mara mbili ya 2008, na maneno hayampingi. Hapa mtunzaji wa daftari hushikwa na tamaa ya kusaidia: anaandika "mara tatu" kwa sababu anajua ndivyo ilivyokuwa. Usifanye hivyo. Nakili "urudi kama awali" na uandike pembeni kwamba lina utata. Kisha tafuta muhtasari wa Bodi uliofuata uone waliitafsirije kwa vitendo. Ukikuta Kamati ya Mikopo iliagizwa ikopeshe mara tatu, weka rejea ya ukurasa huo kwenye C. Huo ni ushahidi wa walivyoelewa tu. Azimio lenyewe linabaki na maneno yake. Peleka suala kwenye Bodi ili liingie ajenda ya Mkutano Mkuu.

Mkutano wa 2022 ukatoa `MM-2022-01-04`: mwanachama akope hadi mara tatu ya akiba zake, na azimio hili linachukua nafasi ya MM-2013-01-03a na MM-2021-01-06. Mawili hayo yanakuwa Limebadilishwa, na kwenye H ya kila moja kunaingia namba mpya.

Tazama `03b`. Sharti la miezi sita halikuguswa, hivyo bado Linatumika. Kama mwaka 2013 ungeandikwa mstari mmoja, ungeufunga wote mwaka 2022 na sharti la miezi sita lingepotea bila mtu yeyote kulifuta. Wanachama wa wiki tatu wangeanza kukopa, na hakuna ambaye angejua tulikosea wapi.

Hatua ya 7: Kagua kwa fomula

Kwenye safu za J, K, L na M weka hizi mstari wa 2, kisha uzishushe hadi chini:

```
=COUNTIF(A$2:A$3000,A2)>1
=AND(F2="Limebadilishwa",H2="")
=AND(H2<>"",COUNTIF(A$2:A$3000,H2)=0)
=AND(I2<>"",I2<TODAY(),F2="Linatumika")
```

Ya kwanza inaonyesha namba iliyotolewa mara mbili. Ya pili inaonyesha azimio linalosemwa limebadilishwa bila kusema na lipi. Ya tatu ni rejea inayokwenda kwenye namba isiyokuwepo. Ya nne ni azimio la muda lililopita siku zake huku bado limeandikwa linatumika. Popote palipo `TRUE`, rudi kwenye muhtasari. Usirekebishe kwa kukisia.

Ili kutoa maazimio yanayotumika ya mada moja:

```
=FILTER(A2:D3000,(E2:E3000="MIKOPO-UWIANO")*(F2:F3000="Linatumika"))
```

Excel za zamani hazina `FILTER`. Tumia kitufe cha kuchuja juu ya safu, jibu ni lilelile.

Hatua ya 8: Kila kikao kipya

Soma azimio kwa sauti kabla mwenyekiti hajasonga ajenda inayofuata, na ulipe namba palepale. Ingiza kwenye daftari ndani ya wiki moja, kisha lirekebishe muhtasari ukishathibitishwa. Mara moja kwa mwaka, kabla ya Mkutano Mkuu, chapisha daftari zima, mwenyekiti na katibu wasaini kila ukurasa, na nakala iwekwe kwenye sefu. Kompyuta huibiwa, na ukibadilisha mstari kwenye Excel hakuna alama inayobaki.

Mambo yakigoma

*Fomula inakataa kabisa.* Baadhi ya kompyuta zinataka nuktamkato mahali pa mkato. Badilisha na ujaribu tena.

*Fomula ya tatu inasema rejea haipo wakati unaiona kwa macho.* Mara nyingi kuna nafasi tupu mwishoni mwa namba, au mmoja ameandika herufi O mahali pa sifuri. Futa, andika upya.

*Fomula ya nne haionyeshi chochote.* Tarehe za safu ya I zimeingia kama maneno. Tarehe halisi hujipanga upande wa kulia wa kisanduku, maneno hukaa kushoto.

*Muhtasari upo lakini haukusainiwa.* Angalia kama kikao kilichofuata kiliuthibitisha. Kama ndiyo, ingiza na uandike "haujasainiwa, ulithibitishwa" pamoja na tarehe. Kama hapana, ingiza kwa hali ya Linasubiri na upeleke orodha ya namna hiyo kwa Bodi yote kwa pamoja. Mwenyekiti wa zamani asiletewe karatasi asaini leo kwa tarehe ya miaka kumi iliyopita.

*Muhtasari haupo kabisa, ila wazee wanalikumbuka azimio.* Soma Yatokanayo ya vikao viwili vilivyofuata, mara nyingi azimio limetajwa humo. Ukilipata, chanzo chako kiwe ukurasa huo, na maneno yawe ya ukurasa huo. Usipolipata, kumbukumbu ya mzee haiingii kwenye daftari. Inaingia kwenye ajenda, wanachama walipitishe upya kama bado wanalitaka.

*Maazimio mawili yanapingana na yote yanaonekana yanatumika.* Linganisha kikao kwanza, tarehe baadaye: la Mkutano Mkuu linashinda la Bodi hata kama la Bodi ni jipya. Kama yote ni ya kikao cha aina moja, acha yote mawili yaonekane, yaunganishe kwa maelezo "yanapingana", na mpe mwanachama aliyesimama dirishani nakala za kurasa zote mbili.